Shajara ya mradi: mwongozo wa uuguzi wa mgonjwa wa sirosisi ya ini, kuanzia kwenye mizani

Ingizo la 1: Pa kuanzia

Rasimu ya awali ilikwenda kwa mpangilio uliozoeleka: maana ya ugonjwa, visababishi, dalili, matibabu, na uuguzi mwishoni kabisa. Mpangilio huo tumeuacha. Mwanafunzi anayeripoti wodi ya magonjwa ya ndani asubuhi hakutani na maana ya ugonjwa. Anakutana na mtu mwenye tumbo lililojaa maji, miguu iliyovimba na mikono iliyobaki mifupa, na anaambiwa ampime uzito. Mwongozo sasa unaanzia hapo. Namba ya mizani ndiyo uzi unaoshika mambo yote yanayofuata: maji tumboni, lishe, figo, damu, hata kuchanganyikiwa.

Maelezo ya ugonjwa wenyewe yamebaki aya moja. Sirosisi ni ini kujaa makovu. Makovu hayo yanabana njia za damu ndani ya ini, shinikizo linapanda kwenye mshipa wa porta unaoleta damu kutoka utumboni, na damu inajitafutia njia za pembeni. Njia mojawapo ni mishipa ya umio, ambayo hufura na kuwa na kuta nyembamba. Wakati huohuo mishipa ya tumboni inatanuka, damu inakusanyika huko, na figo zinapokea ujumbe wa uongo kwamba mwili umekaukiwa. Zinazuia chumvi, chumvi inazuia maji, na kwa kuwa ini halitengenezi albumini ya kutosha, maji hayo hayatulii ndani ya mishipa. Yanavujia tumboni na miguuni. Mwanafunzi akiushika mfuatano huu, ataelewa mbona mgonjwa anaweza kuwa na lita kumi za maji tumboni na bado figo zake zikaishi kwa kiu.

Ingizo la 2: Jinsi ya kupima

Sehemu hii imeandikwa kwa urefu kuliko wengi walivyotarajia, kwa sababu kipimo kibovu kinaharibu kila uamuzi unaofuata. Uzito unachukuliwa asubuhi, mgonjwa akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ileile, akiwa na nguo zilezile nyepesi. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, na isomeke sifuri kabla hajapanda. Asiyeweza kusimama apimwe kwa mizani ya kiti, na chati iseme hivyo, maana kubadili mizani katikati ya wiki kunaweza kuzua kilo mbili ambazo hazipo.

Mzunguko wa tumbo unapimwa kwenye kitovu, mgonjwa akiwa amelala chali, mwisho wa kutoa pumzi. Alama mbili za kalamu ubavuni, kulia na kushoto, zinamwezesha muuguzi wa zamu inayofuata kupitisha utepe palepale. Hata hivyo tumesisitiza kwamba mzunguko wa tumbo ni shahidi wa pili. Gesi na choo kilichokwama vinaweza kuongeza sentimita kadhaa bila tone la maji kuongezeka. Uzito haudanganyiki kirahisi hivyo: lita moja ya maji ni takriban kilo moja, na mwili hauwezi kuongeza kilo moja ya nyama kwa usiku mmoja.

Mipaka ya kushuka tumeiweka ndani ya kisanduku, ndiyo pekee tunayotaka ikaririwe. Mgonjwa mwenye maji tumboni na miguu isiyovimba asipoteze zaidi ya nusu kilo kwa siku. Akiwa na uvimbe wa miguu, hadi kilo moja kwa siku inavumilika. Sababu ni kwamba maji ya miguuni hurudi kwenye damu upesi, lakini utando wa tumbo unarudisha maji polepole. Dawa za kukojosha zikivuta kuliko tumbo linavyoweza kutoa, kinachokauka ni mishipa, na figo ndizo zinazoumia.

Ingizo la 3: Chumvi isiyoonekana

Kikomo cha kawaida ni gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na milimoli 88, yaani takriban gramu 5 za chumvi ya mezani. Wanafunzi huchanganya sodiamu na chumvi, ndiyo maana kila mahali kwenye mwongozo namba zote mbili zinakaa pamoja.

Rasimu ilikuwa inazungumzia sahani ya chakula tu. Tumeongeza stendi ya dripu. Lita moja ya salini ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za sodiamu, sawa na gramu 9 za chumvi. Mgonjwa anayekula chakula kisicho na chumvi huku akitundikiwa lita hiyo amepewa karibu chumvi ya siku mbili. Ongezea salini ya kuyeyushia dawa, ya kusafishia kanula, na vidonge vinavyotoa povu kwenye maji, ambavyo vingi hubeba sodiamu nyingi. Uzito ukigoma kushuka ilhali mgonjwa anaapa hali chumvi, angalia kwanza alichotundikiwa kabla ya kumshuku. Inapobidi kumpa salini, kwa mfano amevuja damu na presha imeanguka, apewe. Hesabu ya chumvi itangoja.

Swali la kunywa maji limejibiwa kwa ufupi: asizuiwe maji kwa sababu tu ana tumbo. Kizuizi kinafikiriwa sodiamu ya damu ikishuka chini ya milimoli 125 kwa lita. Kumzuia mapema kunamwongezea kiu na mateso bila kupunguza tumbo, kwa sababu anayeshikilia maji ni chumvi.

Ingizo la 4: Uzito mkavu na sahani

Hapa ndipo mizani inadanganya, na mwongozo unasema hivyo waziwazi. Kilo za maji zinafunika kilo za misuli zilizopotea. Mgonjwa anaweza kuonekana na uzito mzuri kwenye chati kumbe anakonda kila wiki.

Kwa hiyo uzito mkavu unakadiriwa. Kutoka kwenye uzito uliopimwa ondoa asilimia 5 kwa maji kidogo tumboni, 10 kwa maji ya wastani, 15 kwa maji mengi, kisha asilimia 5 nyingine kama miguu yote miwili imevimba. Ni makadirio tu, lakini ni bora kuliko kupangia chakula lita za maji. Mzunguko wa katikati ya mkono wa juu na nguvu ya kushika vinasaidia kuona misuli inavyokwenda, kwa kuwa mkono haukusanyi maji mapema kama mguu.

Mgonjwa wetu wa mfano, mwanamume wa miaka 54, amelazwa na kilo 78, tumbo limekaza na miguu yote imevimba. Ondoa asilimia 20: inabaki kilo 62.4, tunasema 62. Nishati ni kilokalori 35 kwa kilo, karibu 2,170 kwa siku. Protini ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, yaani gramu 74 hadi 93.

Mtu ambaye tumbo limebana mfuko wa chakula hawezi kumaliza hayo kwa milo mitatu. Anashiba kwa vijiko vichache, na sahani inaondolewa. Tumependekeza milo midogo sita, wa mwisho ukiwa karibu na kulala na wenye wanga wa gramu 50 hivi. Mlo huo wa usiku tumeupa aya yake. Ini lenye makovu halina akiba ya kutosha ya sukari. Baada ya usiku mmoja bila chakula mwili wa mgonjwa huyu unaanza kuyeyusha misuli kama mtu mwenye afya aliyefunga kwa siku mbili au tatu. Akiandaliwa kwa endoskopia au kipimo kingine cha kufunga, muuguzi aulize saa kamili, na kipimo kikiahirishwa alishwe mara moja. Kumwacha anangoja tangu alfajiri hadi jioni ni madhara ambayo hayaandikwi popote.

Rasimu pia ilikuwa na mstari wa kupunguza protini mgonjwa anapochanganyikiwa. Tumeufuta. Misuli nayo husafisha amonia, taka ya protini inayovuruga ubongo, na kumnyima protini kunaikausha misuli hiyo. Kama nyama inamsumbua, protini ya mimea na ya maziwa mara nyingi huvumilika zaidi, lakini kiasi hakipunguzwi.

Ingizo la 5: Mgonjwa wa mfano, siku tano za chati

Hiki ndicho kiini cha mwongozo, na kilichukua majadiliano mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mgonjwa ameanzishiwa spironolaktoni miligramu 100 na furosemidi miligramu 40, kila asubuhi. Uwiano huo una sababu: ya kwanza hupandisha potasiamu, ya pili huishusha, na kwa pamoja husaidia kuiweka katikati.

Uzito unakwenda hivi: 78.0, 77.2, 76.4, 75.5, kisha 74.2. Mkojo wa siku ya nne ulikuwa mililita 1,100, siku ya tano umeshuka hadi 450. Kreatinini imepanda kutoka maikromoli 88 hadi 132 kwa lita ndani ya saa 48. Sodiamu imetoka 133 hadi 127. Joto la mwili 37.3. Mgonjwa anajibu maswali polepole, na usiku hakulala ila mchana anasinzia.

Swali la kwanza kwa mwanafunzi: ni siku gani chati ilianza kulia? Wengi wataonyesha siku ya tano, kwa sababu imeshuka kilo 1.3. Lakini chati ya uvimbe inaonyesha miguu ilikuwa imekauka tangu jioni ya siku ya tatu. Kuanzia hapo mpaka ulibadilika kuwa nusu kilo, na kushuka kwa gramu 900 siku ya nne kulikuwa tayari kumezidi. Ndiyo maana tumeweka safu ya kubonyeza kifundo cha mguu kando ya safu ya uzito: namba moja bila nyingine haina mpaka.

Swali la pili: muuguzi afanye nini asubuhi hii? Dozi za dawa za kukojosha zisimame kabla hazijamezwa, daktari aitwe, na namba zote zisomwe kwa mfuatano, siyo «anakojoa kidogo» peke yake. Kupanda kwa kreatinini kwa maikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48 kunatosha kuitwa jeraha la ghafla la figo. Huyu amepanda 44. Chati ya dawa ipekuliwe kutafuta diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao, na gentamisini. Dawa hizo zinaweza kuziangusha figo ambazo tayari zinaning'inia.

Swali la tatu ndilo la kunasa. Maelezo ya dawa kuzidi yanatosheleza kila kitu: uzito, mkojo, figo, usingizi. Mwanafunzi mzuri atafunga jalada hapo. Mwongozo unamlazimisha aulize kitu kimoja zaidi: maji ya tumbo yamepimwa? Maambukizi ya maji hayo yanaweza kuja bila homa na bila maumivu, na ishara pekee ikawa figo kuanguka au akili kuchanganyikiwa. Daktari anachoma, muuguzi anaandaa. Kibofu kiwe tupu, sehemu ya chini kushoto ya tumbo isafishwe, na maji mililita 10 yaingizwe kwenye kila chupa ya kuoteshea damu palepale kitandani, siyo baadaye maabara, kwa sababu bakteria ni wachache na kuotesha kwa kuchelewa huwakosa. Chupa nyingine inakwenda kuhesabiwa chembe.

Majibu: neutrofili 310 kwa milimita ya ujazo. Kuanzia 250 ni maambukizi, hata kama kuotesha hakujatoa kitu. Antibayotiki, kwa kawaida seftriaksoni au sefotaksimu kulingana na bakteria wa mahali, inaanza bila kungoja kuotesha. Pamoja nayo inakuja albumini, gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa kilo 62 hiyo ni gramu 93. Chupa ya mililita 100 ya albumini ya asilimia 20 ina gramu 20, hivyo ni chupa tano kwa kukadiria juu. Siku ya tatu ni gramu 62, chupa tatu na ushei. Albumini inavuta maji kuingia kwenye mishipa, kwa hiyo anayeitundika anahesabu pumzi na kupima oksijeni mara kwa mara. Pumzi zikipanda na mapafu yakianza kukoroma, dripu isimamishwe na daktari aitwe.

Mmoja wa wahakiki alitaka tuondoe swali la tatu kwa kuwa ni gumu kwa mwaka wa kwanza wa wodi. Limebaki.

Ingizo la 6: Maji yanapotolewa kwa wingi

Sehemu fupi. Yakitolewa zaidi ya lita 5 kwa mkupuo, albumini gramu 6 hadi 8 hutolewa kwa kila lita iliyotoka. Lita 6 kwa gramu 8 ni gramu 48, sawa na mililita 240 za asilimia 20. Bila hiyo presha inaweza kuonekana nzuri jioni, kisha figo zikaporomoka siku zinazofuata. Presha na mapigo vinafuatwa kwa karibu wakati wa kutoa na saa kadhaa baadaye, na mrija hauachwi kulala tumboni usiku kucha kwa sababu ni mlango wa bakteria. Kidonda kikivuja, mgonjwa alalie ubavu wa pili, na mfuko wa kukinga uwekwe ili kinachovuja kipimwe badala ya kufyonzwa na shuka.

Tumeongeza onyo moja dogo: kesho yake andika kwenye chati mstari mpya wa kuanzia. Kushuka kwa kilo sita kwa sindano hakuhesabiwi kwenye mpaka wa nusu kilo, na asiyejua atasimamisha dawa bure.

Ingizo la 7: Damu

Majadiliano yalikuwa juu ya INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda. Mgonjwa wa sirosisi huwa na INR iliyopanda na chembe sahani chache kwa kuwa bandama iliyovimba inazimeza. Rasimu ilisema kwa hiyo damu yake ni nyepesi. Hiyo ni nusu ya habari. Ini hilohilo limeacha pia kutengeneza vizuia-kuganda, na mgonjwa anaweza kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mshipa wa porta huku INR yake ikiwa 1.9. Namba hiyo inaeleza ini limechoka kiasi gani. Haitabiri vizuri nani atavuja. Ndiyo maana plazma haitolewi kwa desturi kabla ya kuchoma tumbo.

Uangalizi wa kila siku haubadiliki: sindano za ndani ya misuli ziepukwe, mahali palipochomwa pabanwe kwa dakika tano au zaidi, mswaki uwe laini, na kila choo kiangaliwe kwa macho. Choo cheusi, cha kunata na chenye harufu kali kinaripotiwa saa hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi, lakini hakinati wala hakina harufu ile.

Mishipa ya umio ikipasuka, muuguzi anafanya mambo kwa mpangilio huu: mgonjwa alale ubavu na mashine ya kunyonya iwe tayari, msaada uitwe, kanula mbili nene ziingie, damu ya kupima kundi itoke. Daktari ataagiza oktreotidi, maikrogramu 50 kwa mkupuo kisha 50 kwa saa, au terlipresini, pamoja na seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Antibayotiki hapa siyo nyongeza ya hiari. Maambukizi hufuata kuvuja damu na kuvuja kwa mara ya pili hufuata maambukizi. Endoskopia inalengwa ndani ya saa 12, presha ikishatulia.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuongeza damu kupita kiasi. Hemoglobini ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita ndipo damu huongezwa, lengo likiwa 7 hadi 8, ila kwa mwenye ugonjwa wa moyo au anayevuja kwa kasi inayomwangusha. Ukiijaza mishipa, shinikizo la porta linapanda tena na kuziba kulikoanza kunafumuka.

Na mtego wa mapigo ya moyo: wengi wa wagonjwa hawa wanatumia propranololi au karvediloli kupunguza shinikizo hilo. Moyo wao haukimbii wanapopoteza damu. Mapigo 74 na presha 88 kwa 50 siyo utulivu. Karatasi ya dalili za hatari sasa ina mstari wa kuandika kama mgonjwa yuko kwenye dawa hizo, juu kabisa, kabla ya safu ya mapigo.

Ingizo la 8: Laktulosi na kinachobaki

Damu iliyoshuka utumboni ni protini nyingi kwa mpigo, na amonia yake hufika ubongoni. Maambukizi, choo kilichokwama, potasiamu ndogo na dawa za usingizi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo sehemu ya kuchanganyikiwa haianzi na dawa, inaanza na kutafuta kilichowasha moto. Mwanafunzi anafundishwa kumwambia mgonjwa anyooshe mikono na kukunja viganja kwa nyuma, kisha kuangalia kama viganja vinaanguka na kurudi kama vinavyopunga. Saini ya mgonjwa ya kila asubuhi kwenye karatasi ileile inaonyesha mabadiliko kabla familia haijayataja.

Laktulosi tumeiandikia lengo badala ya dozi peke yake: choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Mtindo wa kuanzia ni mililita 25 kila saa 12, kisha inapanda au kushuka kwa kufuata chati ya choo. Chini ya mara mbili, ongeza kwa maelekezo ya daktari. Mara sita za majimaji ni sumu nyingine: mgonjwa anakauka, sodiamu inapanda, figo zinalegea, na kuchanganyikiwa kunazidi badala ya kupungua. Uzito nao unashuka, na chati inaonekana kama dawa za kukojosha zinafanya kazi nzuri. Kwa hiyo safu ya choo imehamishiwa kwenye ukurasa uleule wa uzito, mkojo na uvimbe wa miguu.

Bado hazijakamilika: jedwali la sodiamu ya dawa zinazotundikwa, ambalo famasia ya wodi inalipitia, na zoezi la makabidhiano ya zamu, ambapo mwanafunzi anapewa chati ya siku tano na dakika mbili za kuisoma kwa sauti. Kwenye jaribio la zoezi hilo, swali la miguu ilikauka lini ndilo lililorukwa zaidi, hivyo safu ya uvimbe itachapwa kabla ya safu ya uzito katika toleo lijalo.